Adresi hii, watu walisha kuilalamikia?

Maneno yaliyosemwa katika mukutano wetu wa Bunia



Munajua ile mesaji inayozunguka katika telefone zetu: HCR inaandikisha waliorudi, fungua adresi, tuma dola 10 za dosye kwa Airtel Money. HCR hailipishi mutu juu ya kuandikishwa, musaada wala kazi. Kwa hii, jibu tunalo. Lakini kuna zingine zenye uongo hauonekani mbio, basi tujifunzie kwa hii.

Musifungue. Weka kidole juu ya adresi mpaka itokee neno la kukopia. Tuseme ni hii (jina nimelibadilisha):

```
unhcr-ituri.example/dosye
```

Angalia jina lililo mbele ya mustari wa kulala wa kwanza. La HCR ya kweli linaishia na unhcr.org. Hili linaishia pengine.

Sasa tafuta katika Google hivi:

```
"unhcr-ituri.example" arnaque
```

Kwa nini arnaque? Juu wenzetu walioibiwa, Kinshasa ao Abidjan, wanalalamika kwa Kifaransa. Rudilia na scam, kwani wa Kampala na Nairobi wanaandika vile.

Kisha ingia scamadviser.com, ubandike adresi. Itakupa alama juu ya 100. Ile alama inatolewa na mashine, na tovuti changa ya mutu mwaminifu inaweza kupata alama mbaya. Mimi ninashuka chini kwanza, kusoma malalamiko ya watu wenyewe: waliombwa nini, walituma wapi.

Na kama hakuna lalamiko hata moja? Hapo ndipo wengi wanaanguka. Wanasema, haina kesi, tutume. Lakini wezi wanatupa adresi na kununua ingine, na ile mupya haijapata mutu wa kuilalamikia. Uliza lookup.icann.org: karibu na neno Created utaona siku ilipoandikishwa. Tovuti inayosema inasaidia wakimbizi tangu miaka 10, na iliandikishwa mwezi uliopita, inajishitaki yenyewe.

Adresi inabadilika, lakini maneno mara nyingi yanabaki yale yale, kwani mwizi naye ni muvivu. Basi kopia sentensi moja ya mesaji, uiweke katikati ya alama " ", utafute. Fanya vile na namba ya kutumia makuta. Tafuta pia kwa PesaCheck na Congo Check: wanachunguza matangazo ya uongo, na mara nyingi wanaonyesha picha yake.

Ukigundua adresi mupya ya uongo, andika lalamiko kwa ScamAdviser: adresi, tarehe, kiasi walichoomba, namba ya makuta. Jina lako na namba ya kitambulisho chako usiweke. Asiye na mega alete telefone yake kwa sekretere, tutachunguza pamoja mbele hajatuma kitu.