Apatimenti ya Kupanga Sumbawanga: Namna ya Kuandika Tangazo Ukiwa Ughaibuni

Tangazo linaloonekana kwenye kioo cha simu linasema hivi: "Nyumba nzuri sana ya kisasa inapangishwa. Mazingira tulivu, upepo mwanana, ina nafasi ya kiyoyozi, usalama wa uhakika. Bei maelewano. Wahi!" Limeandikwa na mwenye nyumba anayeishi Leicester, Uingereza. Apatimenti yake ya vyumba viwili ipo Izia, mjini Sumbawanga, na tangazo limekaa wiki kadhaa bila mtu kwenda kuiona. Mwenye nyumba huyu ametungwa kwa ajili ya maelezo haya, lakini yeyote aliyewahi kutafuta nyumba mtandaoni amekwishakutana na tangazo lake.

Nyumba yenyewe haina kasoro kubwa. Shida ni kwamba maneno hayo yangeweza kubandikwa kwenye nyumba yoyote ya Tegeta au Mbezi, na mtu wa Sumbawanga hajibiwi hata swali lake moja. Mji huu upo juu ya uwanda wa Ufipa, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, chini ya milima ya Mbizi. Usiku wa Juni na Julai watu wanajifunika mablanketi mawili. Anayehamia huko hatafuti upepo mwanana wala hana haja na kiyoyozi. Anataka kujua kama madirisha yanafunga vizuri na kama bafuni kuna hita ya maji.

Kwa hiyo kazi inaanza na mpangaji. Sumbawanga ni makao makuu ya mkoa wa Rukwa, na wengi wanaotafuta nyumba ya hadhi hii ni watumishi: mwalimu aliyepata uhamisho kutoka Mwanza, muuguzi aliyepangiwa hospitali ya rufaa ya mkoa, ofisa wa benki, au mfanyabiashara wa mahindi anayetaka kuwa na familia yake karibu na mzigo. Mtumishi wa uhamisho mara nyingi huanza kutafuta akiwa bado mkoa mwingine, na anatafuta kwa simu. Mji haujui. Kata na mitaa yake haijui. Anachokijua ni jina la mji, idadi ya vyumba anavyohitaji na kiasi anachoweza kulipa.

Hayo matatu ndiyo yanayojenga kichwa cha tangazo. Mwenye nyumba kwa kawaida husema "napangisha", kwa sababu hilo ndilo analolifanya yeye. Mtafutaji huandika "nyumba ya kupanga Sumbawanga" au "apartment Sumbawanga", na sanduku la kutafutia, iwe ni Facebook, Jiji au Google, huanza kwa kulinganisha maneno yaliyoandikwa. Neno "nzuri" halitafutwi na mtu. "Wahi" vilevile. Google huonyesha takriban herufi 60 za kichwa kabla ya kukikata, na kwenye simu ndogo nafasi inaweza kuwa finyu zaidi, hivyo cha lazima kikae mbele. Kichwa cha nyumba ya Izia kinaweza kuwa hivi:

"Apartment ya kupanga Sumbawanga, Izia, vyumba 2, 200,000"

Kinaingia ndani ya herufi 60 na hakina sifa hata moja. Sentensi ya kwanza ya maelezo inaanza na "Nyumba ya kupanga", ili aliyetafuta kwa maneno hayo naye alikute. Bei ni ya mfano, lakini iandikwe kwa tarakimu. "Bei maelewano" humfanya mwenye bajeti ya 150,000 na mwenye ya 400,000 wapige simu wote wawili, na wote wanapoteza muda.

Mtaa ndio unaofuata, na hapa wengi walioondoka zamani huteleza. Wanaandika "karibu na stendi" wakiwa na picha ya stendi ya zamani kichwani, ile ya katikati ya mji. Sasa kuna kituo kipya cha mabasi Katumba Azimio, nje ya katikati. Mgeni akisoma "karibu na stendi" atafikiria kule basi lake litakaposhukia, atachukua bodaboda, na atagundua kwamba nyumba ipo upande mwingine kabisa. Alama itajwe kwa jina lake kamili: Stendi ya Katumba Azimio, Uwanja wa Nelson Mandela, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Sekondari ya Kantalamba. Kisha msimamizi wa nyumba, shangazi au mdogo mtu aliyepo Sumbawanga, atembee kweli kutoka getini hadi kwenye alama hiyo na kutazama saa. "Dakika 12 kwa miguu" ni jambo ambalo mpangaji anaweza kulipima mwenyewe, na likiwa kweli, ataamini na mengine.

Kuna kishawishi cha kuorodhesha kata zote mwishoni mwa tangazo, Izia, Katandala, Chanji, Mazwi, Kizwite, Malangali, ili lionekane katika kila utafutaji. Litaonekana kweli. Ila simu zitakazokuja ni za watu wanaotaka kukaa Chanji, na msimamizi atashinda akieleza kwamba nyumba ipo Izia. Kata moja, mtaa mmoja na alama moja au mbili zinatosha.

Sasa maelezo yenyewe. Maji yanastahili sentensi nzima, kwa sababu "maji yapo" ni kauli inayoweza kubeba mambo manne: bomba la SUWASA ndani ya nyumba, bomba moja uani la wapangaji wote, kisima, au ndoo za kununua. Iandikwe ni lipi. Kama kuna simtanki, itajwe ni la lita ngapi na kama linahudumia apatimenti moja au zote za ndani ya fensi, maana siku bomba lisipotoa, lita 1,000 kwa familia moja na lita 1,000 kwa familia nne ni maisha mawili tofauti.

Umeme nao una jambo lake. "LUKU yake" ni miongoni mwa maneno yenye nguvu zaidi katika tangazo la Tanzania, kwa kuwa mita ya kuchangia ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi kati ya wapangaji. Lakini tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, na kwa viwango vilivyoanza Julai 2022 nyumba ya kawaida hukatwa shilingi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, ila anayeilipa ni yule anayenunua umeme kwenye mita iliyounganishwa na makato. Mwenye nyumba muungwana huandika: "Kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU inarudishwa kwenye kodi ya nyumba." Kwake ni gharama ndogo sana, na mtumishi anayehesabu mshahara wake ataikumbuka sentensi hiyo.

Baridi inabadilisha orodha ya sifa zote. Dari la jipsam, ambalo kwa Dar es Salaam hutajwa kama urembo, huku linasaidia joto lisipotelee kwenye bati. Dirisha la aluminiamu lenye kioo kinachofunga bila mwanya litajwe. Chumba kinachopata jua la asubuhi kitajwe. Na jiko la nje, au baraza la kupikia lenye hewa, litajwe kwa mkazo, kwa sababu familia nyingi bado hupika maharage na nyama kwa mkaa, na usiku wa baridi mtu hushawishika kuingiza jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha. Moshi wake usioonekana huua. Nyumba yenye pa kupikia mkaa nje na hita ya umeme bafuni inapunguza sababu za kufanya hivyo.

Mvua za Ufipa hunyesha kwa msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili, na barabara ya mtaa iliyokuwa vumbi tupu Septemba huwa tope Januari. Mwenye gari dogo atauliza. Kama gari linafika hadi getini hata masika, iandikwe hivyo hivyo. Kama haliwezi, iandikwe kwamba lami inaishia wapi.

Vipimo navyo viwe vya nyumbani. Mita za mraba ni za mawakala wa Ulaya. Mpangaji wa Sumbawanga anataka kujua kama chumba kinaingia kitanda cha 6 kwa 6 na kabati, na kama chumba masta kina choo chake.

Tangazo lililoandikwa upya linasomeka hivi:

"Nyumba ya kupanga Izia, Sumbawanga, dakika 12 kwa miguu hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Vyumba 2 vya kulala, kimoja masta (kitanda cha 6 kwa 6 na kabati vinaingia), sebule, jiko la ndani, baraza la kupikia mkaa, choo cha wageni. Maji ya SUWASA ndani, simtanki la lita 1,000 la apatimenti hii peke yake. LUKU yake, kodi ya majengo inarudishwa. Hita ya maji, dari la jipsam, madirisha ya aluminiamu. Fensi, apatimenti 4 ndani. Gari linafika getini hata masika. Kodi 200,000 kwa mwezi, malipo ya miezi 3 au 6. Hakuna dalali. Msimamizi yupo Sumbawanga, piga simu au WhatsApp. Usitume pesa yoyote kabla ya kuiona nyumba."

Sentensi mbili za mwisho zina uzito wake. Namba inayoanza na +44 humtia mpangaji shaka, na ana haki, kwa kuwa matapeli hukopi picha za nyumba za watu na kuomba "pesa ya kushikilia". Namba ya mtu aliye mjini na mwenye funguo inamaliza shaka hiyo. Masharti ya malipo nayo yawe wazi: miezi 6 ya 200,000 ni 1,200,000 mkononi, na kama dalali anadai mwezi wake inakuwa 1,400,000. Kwa mtu aliyetoka kulipia lori la kuhamisha vyombo, miezi 3 inaweza kuwa ndiyo sababu ya kuchagua nyumba hii.

Baada ya tangazo kupanda, mwenye nyumba wa Leicester anaweza kulipima bila kupanda ndege. Simu zisipokuja kabisa, kasoro ipo kwenye kichwa au kwenye picha ya kwanza. Zikija nyingi na hakuna anayekwenda kuona, kuna jambo halijaandikwa, mara nyingi bei, miezi ya malipo au mahali. Watu wakienda na kuondoka kimya, kuna kilichoandikwa ambacho hawakukikuta: labda simtanki halijazi, labda zile dakika 12 ni 25. Msimamizi aombwe kuandika swali la kwanza la kila mpigaji. Wapigaji watano wakianza na "maji yapo siku zote?", jibu la swali hilo lipandishwe hadi sentensi ya kwanza.

Siku nyumba inapopata mtu, kichwa kibadilishwe siku hiyohiyo kiwe "Imepangishwa", na maandishi yahifadhiwe pamoja na yale maswali, maana uhamisho utamchukua mpangaji huyu pia, na msimamizi atahitaji kuanza tena.