Siku Anapokuja Kuomba Kazi

Kumbukumbu la Torati 24:15 inaagiza mshahara wa maskini utolewe kabla jua halijatua. Lakini mwenye kutufanyia kazi nyumbani, haki yake inaanza siku anapokuja kuiomba.

Tuseme dada ametoka kijijini kuja Goma, anataka kulea mtoto wetu wa miezi 8. Wengi tunamuuliza, "Wewe si mwizi?" Nani atakubali? Afazali tumuulize, "Mtoto akishikwa na homa nasi hatuko, utafanya nini?" Akisema atatuita mara moja, ametuonyesha jambo. Akisema atampa dawa aliyoiona kabatini, tujue kuna la kumfundisha kwanza. Tumuulize alilea watoto wa nani na sababu ya kutoka pale, kisha twende tuongee na mama yule. Kuacha feza mezani ili kumjaribu ni kumtegea mtego, wala hatutajua analeaje mtoto.

Halafu tumwambie kazi zote: mtoto, kufua, kuchota maji. Sheria ya kazi ya inchi yetu inasema saa 45 kwa juma. Anayeamka saa 12 asubuhi na kuachwa alale saa 3 usiku, siku 6, tumemshika saa 90. Basi tupatane saa ya kupumzika, siku ya kusali na tarehe ya mshahara, mbele ya mtu wa jamaa yake.

Naye akiuliza, "Nitalala wapi?", tusimuone mwenye kiburi. Tumuonyeshe chumba.