Faida Isiyokuwapo: Maneno Juu ya Mpango wa Chama Chetu cha Akiba na Mikopo

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Tukuyu)

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu mliotulea, na ndugu zangu wote tuliolala bweni moja na kunywa uji wa sufuria moja,

Kamati imenipa rasimu ya mpango wa biashara wa chama cha akiba na mikopo tunachotaka kukiandikisha hapa Rungwe, nikaombwa niisome kwa jicho la mtu aliyewahi kushika vitabu. Nimeisoma mara tatu. Hesabu zake zinajumlishika vizuri, na aliyeiandika anastahili shukrani. Lakini kuna ukurasa mmoja haumo, nao ni ukurasa wa mtu asiyelipa. Naomba tuuandike leo kabla hatujapiga kura.

Nianze na fedha zenyewe. Rasimu inasema tutakuwa wanachama 150, na kila mmoja atanunua hisa 20 za shilingi 10,000. Hizo ni shilingi milioni 30 za hisa. Tena kila mmoja ataweka akiba kila mwezi, na mwisho wa mwaka wa pili akiba zote zitafika milioni 70. Jumla tunazo milioni 100. Katika hizo, milioni 20 zibaki benki na katika sanduku kwa ajili ya wanaotoa akiba zao, milioni 5 ziende katika samani na vifaa, na milioni 75 zikopeshwe. Mpaka hapo sina ugomvi.

Ila ndugu zangu, hisa na akiba si kitu kimoja, ingawa zote zimetoka mfuko mmoja. Akiba ni deni la chama kwako. Siku ukiihitaji, chama kikulipe kwa utaratibu uliowekwa. Hisa ni sehemu yako ya umiliki. Hasara ikitokea, huanza kula ziada na malimbikizo ya chama, kisha hula hisa, na zikiisha hisa huingia katika akiba za watu. Kwa hiyo hisa ni ukuta uliosimama kati ya mkopaji mbaya na akiba ya mjane. Ndiyo maana masharti yetu yaseme wazi kwamba anayejitoa huuza hisa zake kwa mwanachama mwingine, asizichomoe. Ukuta ambao kila mtu aweza kuchomoa tofali lake mvua inapoanza, si ukuta.

Sasa tazameni ukurasa wa mikopo. Rasimu inamruhusu kila mwanachama kukopa mara tatu ya akiba yake. Ni desturi ya vyama vingi, na inavutia wanachama. Lakini mara tatu ya milioni 70 ni milioni 210, na sisi tunazo 75 za kukopesha. Maana yake, wakija wote kudai haki yao, zaidi kidogo ya theluthi moja ndio watakaopata, na waliobaki watakaa foleni. Rasimu imeiona foleni hiyo, ikasema tutaiziba kwa kukopa benki milioni 135.

Hapo ndipo niliposimamisha kalamu. Benki italipwa hata kama mkulima wa Isongole hakulipwa na mnunuzi wa viazi. Tukikopesha milioni 210 na zikapotea shilingi 5 tu katika kila 100, zimeondoka milioni 10 na nusu, yaani zaidi ya theluthi ya hisa zetu zote, kwa mwaka mmoja. Nashauri tuanze na mara moja na nusu ya akiba. Hiyo ni milioni 105. Foleni itakuwapo, lakini ni foleni fupi, na fedha zitakazokopeshwa zitakuwa zetu wenyewe.

Sasa nije kwenye mtu asiyelipa. Tuseme ndugu mmoja amekopa shilingi 1,000,000 kwa miezi 12, kwa riba ya asilimia moja na nusu kwa mwezi juu ya salio linalobaki. Akilipa vizuri mpaka mwisho, riba yote tutakayopata kwake ni shilingi 97,500. Akitoroka siku ya kwanza, tumepoteza 1,000,000. Kwa hiyo riba ya wakopaji kumi waaminifu haitoshi kufidia mmoja aliyetoroka, na hapo bado hatujamlipa karani.

Tukimlipa karani, hali huwa hivi. Mikopo ikikaa milioni 75 mwaka mzima na kila mtu akalipa, riba ni milioni 13 na nusu. Karani, pango na ukaguzi wa hesabu, tuseme milioni 7. Riba kwa wenye akiba, kwa asilimia 4, ni milioni 2 na laki 8. Inabaki ziada ya milioni 3 na laki 7. Gawanyeni kwa milioni 75, mtaona kwamba ikipotea chini kidogo ya shilingi 5 katika kila 100 tulizokopesha, ziada yote imekwisha.

Huenda mkasema, tutaona mapema wakianza kuchelewa. Ndugu zangu, nilikuwa mweka hazina wa chama kimoja, jina lake halina haja hapa, nami sikuona. Nawaelezeni jinsi nilivyokosa kuona, maana kosa lilikuwa katika mkono wangu.

Mikopo yetu ilikuwa milioni 40. Katika mkutano mkuu nilisoma kwamba marejesho yaliyochelewa ni milioni 1 na laki 6, yaani asilimia 4. Watu walipiga makofi. Ziada ilikuwa milioni 3 na laki 2, tukagawana gawio la milioni 2 na nusu. Nilichokuwa nimehesabu ni yale mafungu tu ambayo tarehe yake ilikuwa imepita. Sikuhesabu salio lote la wale waliochelewa. Mtu aliyeshindwa mafungu mawili hajachelewesha mafungu mawili tu. Deni lake zima limeingia mashakani, kwa sababu kilichomzuia mwezi uliopita aghalabu kitamzuia na mwezi ujao. Tungejumlisha salio zao zote, tungepata milioni 11. Hiyo si asilimia 4. Ni asilimia 27 na nusu.

Ipo kanuni ya Baraza la Dunia la Vyama vya Akiba na Mikopo ambayo ningeifuata isingetukuta aibu ile. Mkopo ukichelewa kati ya mwezi mmoja na miezi 12, chama kitenge asilimia 35 ya salio lake. Ukipita miezi 12, kitenge salio lote. Asilimia 35 ya milioni 11 ni milioni 3 na laki 8 na nusu. Linganisheni na ziada yetu ya milioni 3 na laki 2. Tuligawana faida ambayo haikuwapo. Gawio lile lilitoka katika akiba za wenzetu, nasi tulilipokea kwa makofi.

Mwaka uliofuata tulirudisha milioni 5 tu katika zile 11. Mama mmoja mwenye kuuza ndizi alikuja Januari kutoa akiba ya ada ya mwanawe, na sanduku lilikuwa tupu. Alikaa kwenye benchi mpaka jioni. Hakunitukana. Alisema tu, "Baba, mimi sikukopa." Mpaka leo sijapata la kumjibu.

Je, wale waliochelewa walikuwa wezi? Wachache. Wengi walikuwa wakulima wa viazi tuliowapangia marejesho ya kila mwezi kama watu wenye mshahara. Sisi wa Rungwe tunajua mazao yetu. Majani ya chai ya Katumba huchumwa karibu mwaka mzima, na mkulima hupata malipo mwezi hata mwezi. Ng'ombe wa maziwa na migomba huleta kidogo kidogo. Lakini viazi hukaa shambani miezi mitatu hadi minne, vikatoka kwa mkupuo, na bei ikawa ya siku hiyo. Ukimdai mkulima wa viazi fungu mwezi wa kwanza, atakulipa kwa fedha ya mbolea uliyomkopesha. Shamba linadhoofika, nawe umejitengenezea mdaiwa mbaya kwa mikono yako.

Njia iliyo bora ni hii. Akikopa 1,200,000 kwa miezi sita, alipe kila mwezi riba peke yake, shilingi 18,000, kutoka kwenye maziwa au ndizi. Deni lenyewe alilipe mwezi wa tano na wa sita, baada ya mavuno. Akishindwa hata ile 18,000, tunajua mapema kwamba kuna jambo, na tunamtembelea shambani kabla viazi havijapanda gari.

Na wadhamini tuwaangalie. Katika chama kile marafiki watatu walidhaminiana wao kwa wao, wote wa bonde moja, wote viazi. Bei ilipoanguka walianguka pamoja, na mdhamini hakuwa na zaidi ya aliyemdhamini. Mkulima wa viazi adhaminiwe na mkulima wa chai au mwalimu, na mtu asiwe mdhamini wa yule anayemdhamini yeye. Tena mikopo yote ya viazi isizidi theluthi ya fedha za mikopo.

Jambo la mwisho la kuangalia kitabuni: deni la zamani likimalizwa leo, na mkopo mpya wa mtu yuleyule ukatolewa leo hii hii, ulizeni. Mara nyingi mkopo mpya ndio uliolipa wa zamani. Kwenye karatasi hakuna aliyechelewa, na shimo linazidi kuchimbwa.

Mtasema sheria ipo. Ni kweli. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, chama kama hiki hakiendeshwi bila leseni, na Tume ya Maendeleo ya Ushirika ndiyo inayotusimamia. Lakini mkaguzi huja baada ya mwaka kufungwa. Mama wa ndizi huja Januari.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba rasimu irekebishwe kabla ya kupitishwa: mkopo uwe mara moja na nusu ya akiba, bila fedha za benki kwa miaka miwili ya mwanzo, taarifa ya kila mwezi ionyeshe salio lote la kila aliyechelewa, na fedha zitengwe kabla ya kutaja gawio, na marejesho yafuate zao la mkopaji. Gawio la mwaka wa kwanza huenda likawa sifuri. Likiwa sifuri, msomeeni mkutano sifuri hiyo kwa sauti, na msitafute makofi.