Salamu ni moja, mwili unaongeza neno lake

Maneno tuliyoyasema mbele ya wanachama kwenye mkutano wetu



Leo hatukuja kusoma hesabu. Tunaleta kosa moja tulilolifanya sisi wenyewe, sisi tunaopita vijijini kuandika majina ya waliorudi. Kosa lilianzia kwenye salamu, na mtu mmoja alilipa kwa kulala chini ya tenti mvua nzima.

Ilikuwa katika teritware ya Fizi. Tulikuwa tunaandika familia za kupewa mabati. Akaingia dada mmoja kijana, mwenye kulea wadogo zake watatu. Alizaliwa kambini Nyarugusu, kule Kasulu, Tanzania. Akakunja magoti mpaka karibu na udongo, akatoa mkono wa kuume huku wa kushoto umeshika mkono huo karibu na kiwiko, macho yako chini, akasema kwa sauti ndogo: "Shikamoo." Mwenzetu aliyeketi mezani, mtu mzima aliyekomalia mjini, akajibu: "Jambo." Dada akabaki vilevile, ameinama, mkono haukazi. Maswali yakaanza: baba yako ni nani, kiwanja kiko wapi, mliondoka lini. Akajibu yote, lakini macho hayakupanda.

Kwenye fishi yetu kulikuwa na mstari wa mwisho: "Namna mtu alivyojibu." Mwenzetu akaandika: anaficha macho, hana hakika. Basi, jina likawekwa pembeni kungojea uchunguzi.

Sasa tuangalie kile dada alikisema kweli. Shikamoo inatoka kwenye kushika miguu ya mkubwa. Neno lenyewe linasema: mimi ni mdogo, wewe ni mkubwa. Mkubwa anajibu "marahaba", yaani amepokea, na hapo mdogo anaweza kuinuka. Kwetu huku Kongo, wengi wetu tunasema "jambo" kwa mtoto, kwa muzee, kwa shefu. Neno halina cheo ndani yake, kwa hiyo cheo kinabebwa na mwili: nani anatoa mkono kwanza, nani anashikilia mkono wake kwa mkono wa pili, nani anainama kidogo, nani anashusha macho. Mkono mmoja mtupu kwa muzee, na macho yamesimama usoni pake, hata ukisema "jambo" kwa upole, muzee atasikia: tuko sawa, mimi na wewe.

Yule dada alileta vyote viwili: neno lenye cheo la Tanzania, na mwili wa heshima aliofundishwa na bibi yake wa huku. Kwa mtu asiyezoea, heshima mara mbili inaonekana kama woga. Na juu ya kwamba "marahaba" haikuja, alibaki chini. Hakuna aliyemwambia ainuke.

Mutaniuliza: lakini hata wazee wetu si wanasema mwongo hakutazami? Ndiyo, wanasema. Na si wao peke yao. Watafiti waliwahi kuuliza watu katika nchi 58 jinsi wanavyomtambua mwongo, na jibu lililorudi kuliko yote lilikuwa hilo: anakwepa macho. Ila utafiti mwingine, uliokusanya majaribio mengi na kutolewa mwaka 2006, ulionyesha kwamba watu wanaohukumu kwa kumwangalia na kumsikiliza msemaji tu wanapatia kama mara 54 katika 100. Ni karibu sawa na kurusha sarafu juu. Na muzee anayesema hivyo ni yule yule anayempiga mtoto kofi kwa kumkodolea macho mgeni. Hajipingi. Kwake salamu ni wakati wa kushusha macho, na kesi ni wakati wa kuyainua. Sisi tulichanganya nyakati hizo mbili: dada alikuwa bado ndani ya salamu, sisi tulikuwa tumeshaingia kwenye kesi.

Siku za nyuma yake tulirudi kijijini. Muzee jirani alituonyesha mwembe ulio mpakani mwa kiwanja, kama dada alivyoutaja. Akacheka: "Huyu mutoto hajifichi, anakuheshimu. Ungemwambia ainuke." Jina likarudishwa. Lakini mabati yalikuwa yameshagawanywa, akangoja zamu iliyofuata.

Kuna la pili, lilitokea upande mwingine. Kijana aliyekulia Zambia, katika kambi ya Mwange, alifika kwa shefu wa kijiji. Kule kaskazini mwa Zambia, mbele ya mkubwa mtu anachuchumaa mbali kidogo na kupiga makofi ya taratibu, viganja vimekunjwa kama kikombe. Ndivyo alivyofanya, akisema "Jambo, shefu." Shefu alikuwa ameshanyosha mkono. Mkono ukabaki hewani. Ingekuwa zamani pengine angecheka tu. Lakini sisi wote tunakumbuka Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, ambayo iligusa hata Mwenga kwetu Kivu ya Kusini. Wakati ule tulikatazwa kupeana mikono, tukabaki na viwiko. Tangu hapo, mkono usiopokelewa unauliza swali: unaniona mimi mgonjwa? Kijana alitoa heshima kubwa kabisa ya kule, shefu akapokea tusi. Ilibidi mama mmoja aliyetoka Zambia pia aeleze ndipo wakaketi.

Kwa hiyo tumebadilisha kazi yetu hivi. Ule mstari wa "namna mtu alivyojibu" tumeufuta kwenye fishi. Mahali pake tunaandika vitu vinavyoweza kuangaliwa: mti wa mpakani, majirani wa pande mbili, jina la aliyelima pale wakati familia haiko. Pili, salamu tunaimaliza kwanza. Mtu akisema shikamoo tunajibu marahaba, hata kama kwetu hatuisemi, na tunamwomba aketi kwenye kiti cha urefu sawa na chetu. Tatu, tunauliza wazi: "Kule mulikokuwa, munasalimiana namna gani?" Hilo swali linafungua watu kuliko lingine lolote tulilo nalo.

Kwa wafadhili wanaotutembelea: kwenu kukaza mkono na kutazama mtu machoni kunamaanisha ukweli. Hapa, mbele ya muzee, ngoja yeye anyoshe mkono kwanza. Akiushika mkono wako na kuendelea kuuliza habari za nyumbani, usiuvute. Na mama akikupa kifundo cha mkono badala ya kiganja, si kukataa. Ametoka shambani au jikoni, anakulinda na uchafu.

Lakini tusigeuze haya kuwa sheria mpya ya kuhukumu watu. Si kila aliyetoka Nyarugusu anapiga magoti. Na kuna anayeshusha macho juu ya mambo aliyoyaona njiani, si juu ya heshima. Yule dada sasa ana mabati yake. Tulipopita juzi alitusalimia vilevile, magoti chini. Safari hii mwenzetu alijibu "marahaba" haraka, na dada akainuka, akatutazama, akaanza kusimulia.