Riba ya kesho, bei ya leo

Oktoba 2025 Benki Kuu ya Kongo ilishusha riba yake hadi asilimia 17.5, kutoka 25 iliyodumu tangu Agosti 2023. Lakini anayekopesha kwa mwaka mzima haangalii riba ya leo peke yake. Riba ilipokuwa bado 25, akiamini kwamba miezi sita itabaki 25 na sita inayofuata itakuwa 17.5, hesabu yake ya mwaka ni kama 21. Ndiyo maana kauli ya gavana kuhusu kesho hugusa mkopo wa leo.

Hapa Lubumbashi kauli hiyo haifiki mbali, kwa kuwa akiba nyingi za benki ni za dola. Mwenye duka anayepitisha unga Kasumbalesa hupanga bei ya franka kwa kiwango cha dola anachokitarajia mwezi ujao. Gavana akiahidi kutoshusha riba mpaka bei zitulie, kisha akaishusha mapema, mwenye duka huyo hatamsikiliza tena.