Kidonge chako kina homoni gani?

Kuanzia Shinyanga mjini hadi machimbo ya Geita, tunasema tu "vidonge vya majira", kana kwamba vyote ni sawa. Levonojestreli, homoni ya vidonge ya kizazi cha pili, inafanana kiasi na homoni za kiume, hivyo baadhi ya wanawake huota chunusi. Drospirenoni, iliyokuja baadaye, hutuliza ngozi. Lakini ikichanganywa na estrojeni, wanawake 9 hadi 12 kati ya 10,000 huganda damu mishipani kwa mwaka. Kwa levonojestreli ni 5 hadi 7. Naona hiyo ya zamani ndiyo ya kuanzia. Kijiti nacho, tofauti na vidonge hivyo vya mchanganyiko, hakina estrojeni ya kuimarisha utando wa mji wa mimba, ndiyo maana damu hutoka bila mpangilio. Dada, unatumia vidonge na mguu mmoja umevimba, unauma? Huenda damu imeganda; nenda hospitali leo.