Ghala la Akiba na Bei ya Mahindi
(Maneno yaliyotolewa kwa wanachama siku ya kutimiza miaka kumi)



Wengi huuliza: kwa nini bodi ya mazao isinunue mahindi wakati wa mavuno bei ikiwa chini, iyaweke ghalani, kisha iyauze wakati wa njaa ili bei isipande? Jambo lenyewe ni zuri. Lakini hebu tupige hesabu.

Tuchukue mfano wa gunia la kilo 100 lililonunuliwa shilingi 30,000, yaani 300 kwa kilo. Fedha ni ya mkopo. Kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, miezi sita ni 3,600. Usafiri 2,500. Dawa, mlinzi na ghala 2,000. Jumla 38,100. Tena mahindi yenyewe hayabaki kilo 100. Yakiingia hayajakauka vizuri yanaota ukungu, na dumuzi hageuzi punje kuwa kitu ila unga. Tuseme zimebaki kilo 95. Basi kila kilo imesimama shilingi 401.

Sasa bodi ikiambiwa iuze 350 ili wananchi wapate nafuu, kila kilo inaleta hasara ya shilingi 51, na hasara hiyo lazima mtu ailipe. Zaidi ya hapo, kwa 350 mfanyabiashara haoni faida ya kuweka mahindi. Yeye naye anaipelekea bodi mzigo wake wakati wa mavuno. Bodi inabaki peke yake kuhifadhi chakula cha nchi nzima, na mkopo unazidi.

Kosa la pili ni la kupima kiasi. Malawi, mwaka 2000, baada ya mavuno mawili mazuri, maghala ya akiba yalikuwa na tani 167,000 hivi, zilizonunuliwa kwa mkopo. Wakashauriwa wapunguze hadi tani 60,000, kwani mahindi yalikuwa yanazeeka na deni linadai. Kuuza ya zamani si kosa. Akiba lazima izungushwe. Lakini yaliuzwa karibu yote, na mapya hayakuwekwa. Mavuno ya 2001 yakawa mabaya, na katikati ya mwaka huo ghala lilikuwa tupu. Mwaka 2002 watu walikufa njaa.

Kwa hiyo, akina mama, mkisikia ghala la akiba limejaa, msitosheke. Ulizeni: mahindi yaliingia lini? Deni ni kiasi gani? Yakiuzwa, mapya yatanunuliwa kwa fedha ipi, na kabla ya mvua gani? Na pengo kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia linatosha gharama, au nani ameahidi kulijaza? Ghala lisilo na majibu hayo linaweza kuwa tupu siku tunayolihitaji.